Pedi za Mzazi: Mwongozo Kamili wa Kuzichagua, Kuzijaribu na Kuzifunga Kabla ya Kujifungua

Mjamzito anayeingia duka la dawa Mwanjelwa au Mafinga mjini kununua pedi za kujifungulia mara nyingi huulizwa jambo moja tu, kama anataka za bei ya chini au za bei ya juu. Swali hilo halimfikishi mbali. Pedi anayoihitaji ina kazi mbili: kunywa damu iliyo nyingi kuliko ya hedhi bila kumwumiza mahali palipochanika au kushonwa, na kumwonyesha yeye pamoja na anayemwuguza kwamba damu inayotoka ni kiasi gani. Kazi hii ya pili ndiyo inayosahauliwa, na katika miaka niliyofanya ukunga huku nyanda za juu kusini nimewaona wazazi waliochelewa kufika hospitali kwa sababu pedi zao ziliwaficha ukweli. Kwa hiyo nitaeleza namna ya kuchagua pedi, namna ya kuijaribu nyumbani ili uijue inabeba nini, na namna ya kuisoma baada ya mtoto kuzaliwa.

Damu unayoiandalia

Kondo la nyuma linapotoka huacha kidonda ndani ya mfuko wa uzazi, mahali pale lilipokuwa limeshika. Damu hukatika si kwa sababu kidonda kimepona, bali kwa sababu misuli ya mfuko inajikaza na kuibana mishipa iliyoachwa wazi, kama mtu anavyokamua nguo. Ndiyo sababu wakunga huchoma sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa, na ndiyo sababu nesi hurudi kukubonyeza tumbo chini ya kitovu hata kama unatamani akuache ulale: anataka kuhisi kama mfuko umekuwa mgumu. Mfuko uliolegea huvuja.

Siku tatu au nne za kwanza damu huwa nyekundu na huweza kuwa na mabonge madogo. Baada ya hapo, mpaka kama siku ya kumi, hupungua na kuwa ya rangi ya waridi inayoelekea kahawia, mfano wa maji yaliyooshewa nyama. Kisha hubaki ute wa manjano au mweupe, ambao kwa wengi huisha kati ya wiki ya nne na ya sita, na ndiyo maana wazee wetu walihesabu arubaini. Mama aliyejifungua kwa upasuaji naye hutokwa na damu hii, ingawa mara nyingi ni kidogo zaidi. Wapo wanaokuja wodini bila pedi hata moja wakidhani kwamba kwa kuwa mtoto alipitia tumboni, huku chini hakutatoka kitu.

Kuna nyakati damu humwagika ghafla na hakuna ubaya. Ukilala usiku kucha damu hukusanyika ukeni, na ukisimama asubuhi inashuka yote kwa pamoja. Ukinyonyesha, mfuko hujikaza, tumbo huuma kama la hedhi na damu huongezeka kidogo. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, gamba la kile kidonda likibanduka, unaweza kuona damu nyekundu kwa saa moja au mbili. Alama ya kwamba ni kawaida ni hii: mmwagiko ni wa muda mfupi, na pedi inayofuata inarudi katika hali yake ya jana au pungufu.

Hatua ya kwanza: kuichagua pedi mkononi

Usianze na jina lililoandikwa kwenye pakiti. Omba mwuzaji akuuzie pakiti moja moja ya aina mbili au tatu, ufungue, uzishike. Anza na urefu. Pedi ya kawaida ya hedhi ina kama sentimita 24, na hiyo haitoshi, kwa sababu mzazi hulala chali au ubavu na damu hukimbilia nyuma. Tafuta iliyofika sentimita 30 au zaidi, na ambayo sehemu yake ya nyuma ni pana. Pedi za mzazi hasa huwa nene, laini, zimejaa pamba au nyuzi za mti zilizosagwa, na nyingine hazina mabawa.

Kisha pitisha kidole kwenye uso wa juu. Pedi nyingi za hedhi zina uso wa wavu mwembamba wa plastiki wenye vitundu, uliotengenezwa ili ngozi ibaki kavu. Kwa siku za kawaida ni nzuri, lakini kwa mama aliyeongezewa njia na kushonwa, wavu huo hushika ncha za nyuzi na kuzivuta kila anapogeuka, tena huleta joto na muwasho. Uso wa pamba au wa kitambaa laini ndio unaofaa. Uso huo uwe mweupe, kwa maana utahitaji kuisoma rangi ya damu, na pedi yenye maua au uso wa rangi hukunyima taarifa hiyo. Pedi yenye manukato iache dukani. Manukato huwasha mahali palipochubuka, na zaidi ya hapo huifunika harufu mbaya, ambayo ni mojawapo ya dalili za kwanza kwamba maambukizi yameingia kwenye mfuko wa uzazi.

Pamba ya kukunja, ile ya bunda kubwa inayonunuliwa na karibu kila mjamzito anayekwenda leba, bado ina kazi yake na sitamkataza mtu. Lakini pamba tupu ikilowa humeguka, nyuzi zake hunata kwenye mshono, na kuziondoa baada ya saa tatu ni maumivu yasiyo ya lazima. Ikiwa ndiyo uliyo nayo, kata kipande cha urefu wa kiganja na nusu, unene wa vidole viwili, ukizungushie gozi pande zote kabla ya kukiweka, na uvitengeneze vipande hivyo nyumbani ukiwa na mikono safi, si leba uchungu ukiwa umeshika.

Vitambaa vya kufua navyo hutumika sana vijijini, na kwa hali ya hewa yetu vinahitaji tahadhari ya pekee. Kitambaa cha damu hulowekwa kwanza katika maji ya baridi, hufuliwa kwa sabuni, kisha hukaushwa juani mpaka kikauke kabisa. Rungwe wakati wa masika jua linaweza lisionekane kwa siku kadhaa, na Makete au Njombe mwezi wa Juni na Julai nguo iliyoanikwa asubuhi huondolewa jioni ikiwa bado na unyevu. Kitambaa chenye unyevu kikirudishwa mwilini hukaribisha vijidudu. Kipige pasi ya moto mpaka kikauke, na kama huwezi kufanya hivyo kwa kila kitambaa, tumia pedi za kutupa katika wiki ya kwanza na vitambaa baadaye. Ninaomba pia msikaushe vitambaa kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa alicholala mzazi na mtoto. Hewa ya sumu ya mkaa, isiyoonekana wala kunusika, huua, na katika baridi ya huku kishawishi cha kufunga madirisha yote ni kikubwa.

Tamponi na vikombe vya hedhi havitumiki kabisa katika kipindi hiki. Kitu chochote kinachoingizwa ukeni kabla ya kidonda kufunga hupeleka vijidudu ndani na kuizuia damu isionekane.

Hatua ya pili: kuijaribu nyumbani

Jaribio hili huchukua nusu saa na hugharimu pedi tatu. Wengi hujaribu kwa maji ya bomba na kudanganyika. Pedi nyembamba za kisasa zina chembechembe zinazogeuka kuwa utelezi zikilowa, na chembechembe hizo hunywa maji matupu kwa wingi, lakini zikikutana na kimiminika chenye chumvi, kama damu ilivyo, uwezo wao hupungua sana. Kwa hiyo chukua nusu lita ya maji na utie chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ukoroge mpaka iyeyuke. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Andaa na kitambaa cheupe kikavu.

Laza pedi kwenye sinia. Mimina mililita 20 polepole katikati, subiri dakika mbili, kisha weka kitambaa juu na ukigandamize kwa kiganja kwa uzito wa mwili wako, kama mtu aliyeikalia. Kitambaa kikitoka kikavu au na unyevu mdogo, ongeza mililita 20 nyingine. Mara kitambaa kinapotoka kimelowa, au maji yanapochungulia pembeni, umefika kikomo cha kazi cha pedi hiyo. Andika jumla kwa kalamu kwenye pakiti.

Nilipofanya hivi na mdogo wangu alipokuwa na mimba ya miezi minane, pedi nyembamba ya usiku ilifika mililita 60 ikaanza kurudisha. Pedi nene ya mzazi ilifika 120. Kipande cha pamba kilichozungushiwa gozi kilinywa haraka kuliko vyote, lakini kwenye mililita 80 kikaanza kutoa maji kila tulipokigandamiza. Tulipoirudia ile nyembamba kwa maji yasiyo na chumvi ilipita mililita 100 bila shida, na hapo mdogo wangu akasema, "Dada, kumbe hii ndiyo ningekwenda nayo peke yake." Namba zako zitakuwa tofauti na zetu, na damu ni nzito kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo huzama polepole na huweza kuvuja pembeni kabla pedi haijajaa. Zitumie kulinganisha aina moja na nyingine, na kupata picha ya macho ya pedi iliyojaa ilivyo.

Picha hiyo ina maana yake. Kitabibu, mama aliyepoteza mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24 baada ya kujifungua anahesabiwa kuwa amevuja damu kupita kiasi. Kwa pedi inayobeba kama mililita 120, kiasi hicho ni pedi nne zilizojaa na kidogo zaidi. Kwa ile nyembamba ni nane. Mama asiyejua anavaa ipi hawezi kumwambia nesi jambo lenye maana anaposema amebadilisha mara nne. Mwenye mizani ndogo ya jikoni anaweza kwenda mbele zaidi: apime pedi kavu, apime iliyolowa, atoe tofauti, na kila gramu moja aihesabu kuwa mililita moja ya damu.

Jambo moja likae akilini kuhusu pampasi za watu wazima, ambazo baadhi ya ndugu hununua kwa nia njema ili mzazi asichafue kitanda. Zinafaa kwa safari ya kutoka hospitali kwenda nyumbani, hasa kwa anayepanda basi kutoka Mbeya mjini hadi Kyela au Ludewa. Lakini zinaweza kubeba damu nyingi mno kabla hazijaonyesha dalili ya kujaa. Aliyevaa pampasi asisubiri ijae ndipo ashtuke. Aifungue na kuitazama kila saa.

Hatua ya tatu: idadi

Siku ya kwanza hesabu pedi nane, kwa kuwa utabadilisha kila baada ya saa tatu hivi. Siku ya pili na ya tatu hesabu saba kwa kila siku, na kuanzia siku ya nne hadi ya saba hesabu tano kwa siku. Jumla ni pedi 42 kwa wiki ya kwanza. Hazihitaji zote kuwa nene. Zile 22 za siku tatu za mwanzo ziwe pedi za mzazi hasa. Zilizobaki zinaweza kuwa pedi ndefu za usiku zenye uso wa pamba. Wiki ya pili pedi nne za kawaida kwa siku zinatosha, na baada ya hapo utajiona mwenyewe. Unapolinganisha bei, gawa bei ya pakiti kwa idadi ya pedi zilizomo, kwa maana pakiti kubwa dukani mara nyingi ina pedi chache kwa sababu ya unene wake.

Nunua kidogo kidogo kuanzia mwezi wa saba wa mimba, na mfuko uwe umefungwa ifikapo wiki ya 36. Anayeishi mbali, kwa mfano katika vijiji vya wilaya ya Makete ambako barabara huharibika kwa mvua, aufunge wiki ya 34, na aulize kliniki kama kuna nyumba ya wajawazito wanaosubiri karibu na hospitali atakayojifungulia.

Hatua ya nne: kufunga

Vitu vyote vikirundikwa kwenye begi moja, ndugu aliyeachwa nje ya leba huchakura begi zima akitafuta pedi huku mkunga amenyoosha mkono. Funga mafungu matatu tofauti. Fungu la leba liwe na pedi nene sita zilizotolewa kwenye karatasi zake kubwa na kuwekwa ndani ya mfuko safi wa kitambaa, pamba na gozi, mpira wa kutandika, kanga mbili za zamani zilizofuliwa na kupigwa pasi, glovu, kibana kitovu, na vitu vingine vitakavyotajwa na kliniki yako. Waulize mapema ni vipi wanavyo na vipi uje navyo. Fungu la wodini liwe na pedi nene kumi na sita, chupi tano kubwa za pamba, sabuni ya kipande isiyo na manukato, chupa ya plastiki ya kujimiminia maji, kanga tatu na nguo za mtoto. Fungu la nyumbani hubaki nyumbani na pedi nyinginezo.

Kuhusu chupi nitasema zaidi kidogo, kwa sababu pedi nzuri katika chupi mbaya ni kazi bure. Chagua saizi moja au mbili juu ya ile uliyovaa kabla ya mimba, yenye kiuno kinachopanda mpaka juu ya kitovu. Kwa aliyepasuliwa, mpira wa kiuno ukikaa juu ya mshono unaukwaruza na kuuweka katika unyevu. Chupi pana pia huishika pedi isihame. Pedi iliyohama huvujisha kwenye kanga, na damu ya kwenye kanga haihesabiwi na mtu.

Mbali na mafungu, mambo mawili yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kadi ya kliniki: wekundu wa damu yako ulipopimwa mara ya mwisho, na kundi lako la damu. Mjamzito mwenye wekundu wa damu chini ya 11 ana upungufu, na mwili wake hauwezi kuvumilia kupoteza kiasi kile ambacho mwenzake angekivumilia. Vidonge vya madini chuma na foliki vinavyotolewa kliniki vimezwe mpaka mwisho, ingawa vinafanya choo kuwa cheusi. Zungumza pia na ndugu wawili walio tayari kuchangia damu, na wajue wewe unajifungulia wapi.

Hatua ya tano: kuivaa na kuisoma

Badilisha kila baada ya saa tatu hivi siku ya kwanza, kila saa tatu hadi nne siku mbili zinazofuata, na kila saa nne hadi sita baadaye, hata kama haijajaa. Nawa mikono kabla na baada. Jimiminie maji safi ya vuguvugu kutoka mbele kwenda nyuma, jifute kwa kugusa bila kusugua, na usitie dawa ya kuua vijidudu wala maji ya moto sana kwenye mshono. Kojoa kila baada ya saa mbili au tatu hata kama huhisi mkojo, kwa sababu kibofu kilichojaa huusukuma mfuko wa uzazi pembeni na kuuzuia usijikaze. Nimeona damu iliyotisha ikipungua mama alipokwenda kukojoa tu.

Pedi moja ivaliwe peke yake. Usiweke mbili, wala usikunje kanga chini yake. Kila unapotoa, itazame kabla ya kuitupa, uandike saa na hali yake kwenye daftari: doa, nusu, au imejaa. Wodini waombe waitazame manesi pia. Nyumbani zitupwe kwenye choo cha shimo au zichomwe, si kwenye choo cha kuvuta maji.

Dalili za kuondoka nyumbani ni hizi. Pedi nene iliyojaa kabisa ndani ya saa moja ni ya kuanza safari, si ya kusubiri ya pili, kwa maana safari yenyewe nayo ni muda. Bonge la damu lenye ukubwa wa yai la kuku au zaidi, damu nyekundu inayorudi na kuendelea baada ya kuwa imeshageuka kahawia, harufu mbaya, homa au baridi ya kutetemeka, moyo kwenda mbio, kizunguzungu unaposimama, yote hayo yanatosha, hata kama pedi ina doa tu. Damu inaweza kukusanyika ndani ya mfuko bila kutoka. Pedi ikijaa ndani ya dakika tano, hiyo ni dharura ambayo mtu yeyote aliye karibu apige simu na kutafuta gari mara hiyo.

Gari likitafutwa, mzazi akojoe, alale, afunikwe blanketi, mtoto awekwe kifuani anyonye ikiwezekana, na mwenzake ausugue mfuko wa uzazi kwa kiganja, chini ya kitovu, kwa mzunguko, mpaka uwe mgumu. Aliyepasuliwa asisuguliwe karibu na mshono. Pedi zilizotumika zisitupwe. Ziwekwe kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko ziende naye, kwa kuwa mifuko mbadala tunayobebea vitu siku hizi huvuja.

Mzazi wa siku ya tisa

Binti mmoja wa vijiji vya Mufindi alijifungua mtoto wa pili salama, akakaa wodini siku nzima na usiku wake, akarudi kwa mama mkwe wake. Siku ya sita damu ilikuwa imeshageuka kahawia. Siku ya tisa asubuhi ikarudi nyekundu. Alikuwa akivaa pedi ya kawaida na chini yake kanga iliyokunjwa mara nne, kwa sababu alikuwa na pakiti moja tu na alitaka zidumu. Alipotoa pedi saa nne asubuhi ilikuwa imejaa. Saa tano imejaa. Mama mkwe alimwambia, "Vumilia mwanangu, huo ni uchafu unatoka, ukibaki ndani ndio mbaya," na akaenda kuchemsha maji ya kumkanda.

Mama mkwe huyu hakuwa mtu mbaya. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na ni kweli kwamba damu ya nifasi inapaswa kutoka. Lakini inapaswa kutoka kwa kupungua. Wifi ya binti, aliyekuwa amekuja kumwona mtoto, alibisha hodi kwa salamu ya kamwene, akakaa, kisha akainua ile kanga iliyowekwa kando. Ilikuwa nzito. Akaikamua kwenye beseni, ikatoa kiasi cha kikombe cha chai. Pedi mbili walizozihesabu zilikuwa ni sehemu tu ya hesabu. Kanga ilikuwa imebeba sehemu kubwa, na hakuna aliyeijumlisha. Akauliza, "Dada, ukisimama unaonaje?" Binti akajibu kwamba tangu asubuhi macho yanaingia giza.

Walipata bodaboda mpaka barabara kuu na gari kutoka hapo. Kituo cha afya walimwekea dripu, wakamchoma sindano, wakampeleka hospitali, ambako kilikutwa kipande cha kondo kilichobaki ndani kikimzuia mfuko kujikaza. Kilitolewa, akaongezewa damu chupa mbili na kupewa dawa za kuzuia maambukizi. Nilimwona siku alipokuja kliniki ya siku ya 42 na mtoto mgongoni. Mama mkwe ndiye aliyeshika daftari, na ndani yake, tangu siku waliyorudi kutoka hospitali, alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kila pedi na saa yake, mpaka ukurasa ambao mistari mitatu ya mwisho inasema "doa", "doa", "hakuna".